Nyota Waliokodishwa

Mwaka 1942 kampuni ya Warner Bros. ilikuwa inatafuta mwigizaji wa kike wa filamu yake mpya, Casablanca. Iliyemtaka alikuwa Ingrid Bergman, msichana wa Kiswidi aliyekuwa ameanza kupendwa Marekani, lakini Bergman hakuwa mali ya Warner. Alikuwa chini ya mkataba wa mtayarishaji David O. Selznick, na bila ruhusa ya Selznick hakuweza kusimama mbele ya kamera ya mtu mwingine yeyote. Selznick alikubali kumtoa kwa kubadilishana: Warner nayo impe Olivia de Havilland, mwigizaji wake, kwa muda. Mapatano yakafanyika. Selznick hakuwa na filamu ya kumchezesha de Havilland, kwa hiyo akaihamisha haki hiyo kwa kampuni ya tatu, RKO, na mwanadada huyo akajikuta katika filamu iitwayo Government Girl, ambayo hakuitaka hata kidogo.

Wanawake hao wawili walikuwa miongoni mwa watu mashuhuri kabisa duniani wakati ule. Picha zao zilibandikwa kuanzia New York hadi Bombay. Hata hivyo walipitishwa mkono kwa mkono na mabwana watatu, na hakuna sheria iliyovunjwa. Ndivyo Hollywood ilivyofanya kazi kwa takribani miaka 25, tangu filamu zilipoanza kutoa sauti mwishoni mwa miaka ya 1920 hadi miaka ya 1950 mwanzoni. Utaratibu huo ulitoa baadhi ya filamu ambazo bado zinatazamwa leo, na ukaanguka ndani ya miaka michache tu. Watu wengi husema televisheni ndiyo iliyouua. Mimi naona televisheni ilifika nyufa zikiwa tayari zimeshatokea ukutani, na nyufa hizo zilipigwa mahakamani.

Tuanze na mkataba wenyewe. Ulikuwa wa miaka saba, lakini miaka hiyo saba ilimfunga upande mmoja tu. Kampuni ilikuwa na haki ya kuamua, kila baada ya miezi sita au mwaka, kama itaendelea na mwigizaji au itamwacha. Ikiamua kuendelea, mshahara ulipanda kidogo kwa kiwango kilichokwisha kuandikwa. Ikiamua kumwacha, anafungasha virago. Mwigizaji mwenyewe hakuwa na haki ya namna hiyo: hata filamu yake ikiingiza mamilioni na magazeti yote yakamwimba, aliendelea kupokea kile kile kilichoandikwa siku alipokuwa hajulikani.

Alilipwa kwa juma, na alifanya filamu aliyopangiwa. Kampuni ilimchagulia jina. Ndivyo Margarita Cansino alivyogeuka Rita Hayworth, na Lucille LeSueur akawa Joan Crawford kwa jina lililotokana na shindano la wasomaji wa gazeti la sinema. Ilimpangia mavazi, mwalimu wa sauti, mwandishi wa habari za kumtangaza, na mara nyingine hata mtu wa kuonekana naye mjini jioni. Kulikuwa na kifungu cha maadili kilichoruhusu mkataba kuvunjwa akileta aibu. Na kulikuwa na haki ya kumkodisha kwa kampuni nyingine, ambapo kampuni iliyomkodi ililipa zaidi ya mshahara wake, na tofauti ikabaki kwa mwenye mkataba. Selznick alijipatia fedha nyingi kwa njia hiyo kwa kumkodisha Bergman.

Kilichouma zaidi kilikuwa adhabu ya kukataa kazi. Mwigizaji akikataa filamu aliyopangiwa, alisimamishwa bila malipo hadi filamu ile imalizike kwa mtu mwingine. Hilo lingeweza kuvumilika. Lakini zile siku za kusimamishwa hazikuhesabiwa. Ziliongezwa mwisho wa mkataba. Aliyekataa kazi kwa miezi mitatu alirefusha kifungo chake kwa miezi mitatu. Kwa hesabu hiyo, mtu mwenye msimamo angeweza kukaa ndani ya mkataba wa miaka saba kwa miaka kumi, na kadiri alivyogoma ndivyo alivyojifunga zaidi.

Kabla ya kuulaani mfumo huu wote ni haki tuone ulivyofanya kazi ulipokuwa katika ubora wake, na hakuna mfano mzuri kuliko hiyo hiyo Casablanca. Warner ilinunua tamthilia ambayo haikuwahi kuoneshwa jukwaani, Everybody Comes to Rick's, kwa dola 20,000. Ofisi ya hadithi ya kampuni ilikuwa na wasomaji walioajiriwa kazi yao ikiwa kusoma vitabu, tamthilia na hadithi za magazeti siku nzima na kuandika muhtasari. Tamthilia ikapita hapo, ikafika kwa mtayarishaji Hal Wallis, naye akaigawa kwa waandishi. Pacha wawili, Julius na Philip Epstein, waliifanyia kazi. Howard Koch akaifanyia kazi. Wengine wakachovya kalamu zao pia. Wote hao walikuwa waajiriwa wenye meza zao ndani ya uzio wa kampuni huko Burbank.

Mwongozaji Michael Curtiz alikuwa mwajiriwa, na alitoka filamu moja akaingia nyingine bila kupumua sana. Mpiga picha, mhariri na mtunzi wa muziki Max Steiner vilevile. Maseremala, wachoraji wa mandhari, mafundi taa, washonaji, wapaka vipodozi: wote walikuwa kwenye orodha ya mishahara, filamu iwepo au isiwepo. Mji wa Casablanca ulijengwa ndani ya mabanda ya Burbank, na si kila kitu kilijengwa upya. Kituo cha treni cha Paris, pale Humphrey Bogart anaposimama mvuani na barua mkononi, kilikuwa kimeshatumika katika filamu nyingine ya Warner, Now, Voyager. Mtaa mmoja ulitoka kwenye filamu iitwayo The Desert Song, ukabadilishwa vibao na kutumika tena. Watu wa Afrika Kaskazini wenyewe hawakuhitajika. Bara letu lilitengenezwa kwa mbao na plasta, kama lilivyotengenezwa mara nyingi.

Upigaji picha ulianza mwisho wa Mei 1942, na hadithi ilikuwa haijamalizika kuandikwa. Waigizaji walipokea kurasa mpya asubuhi za kusema siku hiyo hiyo. Bergman hakuambiwa mapema ataondoka na mwanamume yupi kati ya wawili. Mwanzoni mwa Agosti kazi ikaisha, na baadaye Wallis akaandika sentensi ya mwisho ya filamu na Bogart akaitwa kuisema mbele ya kipaza sauti. Kazi ya haraka kiasi hicho iliwezekana kwa sababu kila aliyehitajika alikuwa umbali wa kutembea kwa miguu, alijua kazi yake, na alikuwa ameshafanya filamu kadhaa na wenzake wale wale.

Kisha angalia kilichofuata, maana hapo ndipo siri ya mfumo ilipolala. Novemba 1942 majeshi ya Marekani na Uingereza yalitua Afrika Kaskazini, na jina la Casablanca likawa kwenye kurasa za mbele za magazeti yote. Warner haikuhitaji kumbembeleza mtu yeyote ili iwahi bahati hiyo. Tarehe 26 mwezi huo huo ilifungua filamu jijini New York katika jumba la sinema ambalo lilikuwa la Warner yenyewe. Na ilipotoka kwa nchi nzima mwezi Januari 1943, majumba ya Warner yalikuwa yanaisubiri.

Majumba. Hapo ndipo msingi ulipokuwa, na hapo ndipo wanaoisimulia Hollywood kwa sura za nyota tu wanapopotea njia. Kampuni kubwa zilikuwa tano: Metro-Goldwyn-Mayer, Paramount, Warner Bros., 20th Century-Fox na RKO. Zote tano zilitengeneza filamu, zikazisambaza, na zikamiliki majumba ya kuzionesha. Tatu nyingine, Universal, Columbia na United Artists, hazikuwa na majumba, na ndiyo maana ziliitwa ndogo. Wakuu wa kweli hawakukaa California. Louis B. Mayer, aliyetisha kila mtu kule Metro, alikuwa na bosi wake New York, Nicholas Schenck, na kampuni mama iliitwa Loew's, ambayo chimbuko lake lilikuwa biashara ya majumba ya maonesho. Kwa macho ya Schenck, kazi ya Mayer ilikuwa kuyajaza majumba yale watu.

Kwa idadi, majumba ya kampuni tano hayakuwa mengi: mnamo 1945 yalikuwa kama asilimia 17 ya majumba yote ya Marekani. Lakini yalikuwa yale yenyewe. Katika miji mikubwa, yenye watu zaidi ya 100,000, kampuni hizo zilishika angalau asilimia 70 ya majumba ya mzunguko wa kwanza, yaani yale ya katikati ya mji, yenye mazulia na taa za fuwele, yaliyoonesha filamu ikiwa mpya na kwa kiingilio cha juu. Baada ya mzunguko wa kwanza filamu ilifichwa kwa majuma kadhaa ili mtu asiseme atasubiri iwe rahisi. Kisha ilishuka kwenye majumba ya mitaani, ikafichwa tena, na mwisho ikafika vijijini ikiwa imechakaa na mikwaruzo. Sehemu kubwa ya fedha ilivunwa pale juu, na pale juu walikuwa wenyewe.

Wenye majumba huru walibanwa kwa njia nyingine. Mtu mwenye sinema yake ndogo Ohio akitaka filamu ya Clark Gable, hakuuziwa hiyo peke yake. Alilazimika kuchukua fungu zima, pengine filamu zote za kampuni kwa mwaka, nzuri na mbovu kwa pamoja. Na nyingi alizinunua akiwa hajaziona, kwa kuwa zilikuwa hazijatengenezwa. Alisaini kwa majina na ahadi.

Sasa unganisha vipande hivi. Kampuni iliyojua kuwa filamu zake 40 au 50 za mwaka ujao zimeshauzwa kabla hazijapigwa ingeweza kumlipa seremala kila juma bila wasiwasi. Ingeweza kumlea msichana asiyejulikana kwa miaka miwili, kumfundisha kutembea na kusema, kumpa nafasi ndogo ndogo, ikingoja kuona kama watazamaji watamwandikia barua. Benki iliikopesha kwa sababu majumba yalikuwa dhamana, ardhi ya katikati ya miji. Mkataba wa miaka saba, waandishi wenye meza, mabanda yasiyolala: vyote hivyo vililipiwa na uhakika wa viti. Ukiondoa uhakika huo, kila mshahara wa juma unageuka hasara inayosubiri kutokea.

Pigo la kwanza, hata hivyo, halikugusa viti. Liligusa mkataba, na aliyelipiga alikuwa yule yule de Havilland.

Alizaliwa Tokyo mwaka 1916 kwa wazazi Waingereza, akakulia California, na Warner ikamchukua akiwa kijana baada ya kuonekana jukwaani katika tamthilia ya Shakespeare iliyoongozwa na Max Reinhardt. Kwa miaka kadhaa kampuni ilimtumia kama mrembo wa pembeni ya Errol Flynn: Captain Blood mwaka 1935, The Adventures of Robin Hood mwaka 1938. Alitaka nafasi zenye uzito. Alizipata mara mbili, na mara zote mbili alikuwa amekodishwa nje: kwa Selznick katika Gone with the Wind mwaka 1939, na kwa Paramount katika Hold Back the Dawn mwaka 1941. Zote mbili zilimfanya ateuliwe kugombea tuzo ya Oscar. Aliporudi nyumbani kwa Warner alipewa tena skripti zile zile za mrembo wa pembeni, akazikataa, akasimamishwa.

Mkataba wake ulianza Mei 1936, kwa hiyo Mei 1943 miaka saba ilitimia. Warner ikamwambia bado: kwa kuongeza vipindi vya kusimamishwa, jumla ya majuma 25, alikuwa bado na deni. Mawakili wengi wangemshauri alipe deni hilo kimya kimya. Wote walimkumbuka Bette Davis, naye wa Warner, aliyekimbilia Uingereza mwaka 1936 kutafuta kazi kwa wengine. Kampuni ilimfuata hadi mahakamani London, akashindwa, akarudi Burbank. Ikiwa Davis, aliyekuwa ameshapata Oscar, alishindwa, nani angejaribu tena?

Wakili Martin Gang aliona mlango ambao wengine walikuwa wameupita. Sheria ya kazi ya California ilisema mtu hawezi kulazimishwa kutekeleza mkataba wa utumishi binafsi kupita miaka saba tangu kazi ilipoanza. Swali likawa moja: miaka saba ya nani? Warner ilisema ni miaka saba ya kazi halisi, hivyo siku za kusimamishwa zisihesabiwe. Gang akasema ni miaka saba ya kalenda. Kesi ilifunguliwa mwaka 1943. Jack Warner hakungoja hukumu. Aliziandikia kampuni nyingine kuzionya kwamba mwigizaji huyo bado ni wake, na milango yote ya Hollywood ikafungwa. Kwa takribani miaka miwili de Havilland hakufanya filamu. Aliutumia muda huo kuzuru hospitali za askari waliojeruhiwa, hadi Alaska na Fiji.

Alishinda mahakama ya kwanza mwaka 1944. Kampuni ikakata rufaa, na Desemba 1944 mahakama ya rufaa ikampa haki tena: miaka saba ni ya kalenda. Kampuni ilikuwa imedai pia kwamba kwa kusaini mkataba wenye kifungu cha nyongeza, mwigizaji aliiacha haki yake kwa hiari. Majaji walikataa. Sheria ile, walisema, iliwekwa kwa faida ya wafanyakazi wote na ya jamii, na haki ya namna hiyo mtu mmoja hawezi kuisaini iondoke. Naona hoja hii ndiyo kiini cha kesi nzima, kwa sababu ilimtazama nyota kama mfanyakazi, sawa na mtu wa mgodini. Mwanzoni mwa 1945 Mahakama Kuu ya jimbo ilikataa kuisikiliza zaidi, na mambo yakaisha. De Havilland alirudi Paramount, akafanya To Each His Own na akapata Oscar yake ya kwanza. Mwaka 1949 The Heiress ikampa ya pili.

Kesi hiyo haikuuvunja mfumo papo hapo. Ilifanya jambo la taratibu zaidi: iliweka tarehe. Kila kampuni sasa ilijua siku ambayo kila nyota wake angekuwa huru, na kila wakala wa nyota aliijua pia. Waliokuwa wamekwenda vitani wakiwa chini ya mkataba walirudi na kalenda mkononi. James Stewart aliporudi kutoka jeshi la anga, hakufunga tena mkataba wa muda mrefu.

Pigo la pili lilikuwa kwenye viti. Wizara ya Sheria ya Marekani ilikuwa imezishtaki kampuni zote nane tangu Julai 1938, ikisema zimeungana kuua ushindani. Jina la Paramount lilitangulia kwa kuwa ndiyo iliyokuwa na majumba mengi zaidi. Mwaka 1940 yalifikiwa maafikiano ya kupunguza ukubwa wa mafungu na kuwaonesha wenye majumba filamu kabla ya kununua. Vita vikaja, biashara ikanoga, na serikali ikairudisha kesi mahakamani. Tarehe 3 Mei 1948 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa hukumu iliyoandikwa na Jaji William O. Douglas. Uuzaji wa mafungu ulipigwa marufuku, na upangaji wa viingilio kwa pamoja vilevile. Kila filamu iuzwe yenyewe. Swali la majumba lilirudishwa mahakama ya chini, lakini mwelekeo ulikuwa wazi.

Kampuni tano zingeweza kuendelea kupambana kwa miaka. Aliyewavunja moyo alitoka miongoni mwao. Tajiri wa ndege Howard Hughes alikuwa ndiyo kwanza ameinunua RKO, kampuni dhaifu kuliko zote na yenye majumba machache. Kwake, kuyatenga majumba hakukuwa hasara kubwa, na kama wakubwa wangelazimishwa kufanya hivyo hivyo, yeye angefaidika. Kabla ya mwaka 1948 kwisha alikubali kuigawa RKO. Paramount ikafuata mwanzoni mwa 1949. Loew's, iliyozaliwa ndani ya majumba, iling'ang'ania hadi 1959.

Matokeo yalionekana kwenye orodha ya mishahara. Filamu ya kati, ile iliyotengenezwa ili kujaza fungu, haikuwa na mnunuzi tena. Mwenye sinema wa Ohio sasa alichagua, na alichagua kubwa tu. Kampuni zikapunguza idadi ya filamu na kuongeza ukubwa wa kila moja. Ukitengeneza filamu 20 badala ya 50, huhitaji waandishi 80 wenye meza wala msichana wa kulea miaka miwili. Mikataba ilipofika tarehe yake haikuhuishwa. Mayer mwenyewe aliondolewa Metro mwaka 1951. Clark Gable, aliyekuwa ameitwa mfalme wa kampuni ile, aliondoka 1954.

Ndipo nafika kwenye televisheni. Mwaka 1946 ulikuwa kilele cha sinema Marekani: zaidi ya tiketi milioni 80 ziliuzwa kila juma. Mwaka uliofuata idadi ilianza kushuka, na wakati huo televisheni zilikuwa chache mno kubeba lawama. Askari walikuwa wamerudi, wameoa, wamepata watoto, wamenunua nyumba pembezoni mwa miji, mbali na yale majumba yenye mazulia. Fedha ikaenda kwenye gari, friji na mkopo wa nyumba. Televisheni ilipoenea katika miaka ya 1950, ilimkuta mtazamaji ameshajifunza kukaa nyumbani. Mfumo wa zamani, wenye viti vyake na mafungu yake, huenda ungevumilia kushuka huko kwa muda mrefu zaidi, kwa kuibana mikoa na kujaza hasara ya filamu moja kwa faida ya nyingine. Lakini ulinyang'anywa kinga yake wakati ule ule dhoruba ilipokuwa inaanza, na kwa hilo hapakuwa na dawa.

Kilichochukua nafasi yake kilionekana mapema. Mwaka 1950 wakala Lew Wasserman alimpatia James Stewart mapatano na Universal kwa filamu ya Winchester '73: badala ya mshahara mkubwa ambao kampuni hiyo ilishindwa kuulipa, apewe nusu ya faida. Filamu ilifanya vizuri, na Stewart akapata mara kadhaa ya kile ambacho angelipwa. Hapakuwa na mkataba wa miaka saba. Palikuwa na filamu moja, watu waliokusanywa kwa ajili yake, na mgao. Kodi nayo ilisukuma kule kule: kipato cha juu kabisa kilitozwa zaidi ya asilimia 90 baada ya vita, na nyota aliyekuwa na kampuni yake mwenyewe alibakiwa na zaidi ya aliyelipwa mshahara.

Mwaka uliofuata mtindo huo ulifika upande wetu wa dunia. The African Queen haikuwa filamu ya kampuni kubwa. Sam Spiegel na mwongozaji John Huston waliitengeneza kupitia kampuni yao wenyewe, wakachanga fedha Uingereza na Marekani, na Marekani ikasambazwa na United Artists, ambayo haikuwa na jumba hata moja. Bogart yule aliyewahi kutembea katika Casablanca ya mbao sasa alikuwa kwenye mto Ruiki huko Kongo, na baadaye Butiaba, ukingoni mwa Ziwa Albert nchini Uganda, sehemu kubwa ya kundi ikiugua matumbo. Oscar yake pekee aliipata kwa filamu hiyo. Metro nayo ilikuwa imeshatuma kamera zake Kenya, Tanganyika, Uganda na Kongo kwa King Solomon's Mines, na baadaye ikarudi kwa Mogambo. Mabanda ya California yalikuwa bado yapo, lakini sababu ya kuyajaza ilikuwa imepungua, na Afrika halisi sasa ilikuwa kitu ambacho televisheni haikuweza kukionesha.

Waliofaidi walikuwa wachache, na nadhani si sawa kuisimulia habari hii kama ukombozi mtupu. Stewart alitajirika. De Havilland alichagua kazi zake. Lakini mshonaji, fundi wa taa na mwandishi wa daraja la kati walipoteza bahasha ya kila juma na wakaanza kuishi kwa kusubiri simu. Kampuni zenyewe hazikufa, isipokuwa moja. Zilibaki na usambazaji na mikopo, na mtayarishaji huru bado alilazimika kugonga mlango wao. Iliyokufa ni RKO. Hughes aliichezea hadi ikachoka, akaiuza mwaka 1955, na miaka miwili baadaye ikaacha kutengeneza filamu. Mabanda yake yalinunuliwa na Desilu, kampuni ya Lucille Ball na mumewe Desi Arnaz. Ball alikuwa amewahi kuwa mwigizaji wa mshahara ndani ya uzio huo huo wa RKO, katika miaka ya 1930.

Desilu ilinunua mabanda hayo ili kutengeneza vipindi vya televisheni, na hapo kiwanda kikafufuka. Kipindi cha kila juma kilihitaji yale yale yaliyohitajika zamani: mandhari ya kutumia tena, waandishi wa kudumu, mafundi wanaojuana, na mnunuzi aliyelipa kabla. Warner nayo iliingia kwenye biashara hiyo mwaka 1955 na ikaja na mkataba wake wa zamani. James Garner, nyota wa Maverick, alilipwa kwa juma, akapangiwa kazi, na waandishi wa Hollywood walipogoma mwaka 1960, alisimamishwa bila malipo. Kampuni ilidai haikuwa na skripti za kumpa. Garner akaenda mahakamani. Huko ikajulikana kwamba skripti zilikuwa zinaendelea kuandikwa wakati wote wa mgomo, na kwenye vipindi vya Warner vya kipindi kile mwandishi alitajwa kwa jina la W. Hermanos, ambalo kwa Kihispania ni Warner na ndugu zake. Garner alishinda, akaondoka, na Warner ikaendelea na Maverick bila yeye.